Kwa Nini Puto la Heliamu Huwahi Kusinyaa

Mpambaji wa kumbi za harusi anayeijua kazi yake hajazi maputo ya heliamu siku moja kabla ya sherehe. Yale ya kupulizwa kwa pampu, yanayofungwa kuwa tao mlangoni na nyuma ya viti vya maharusi, anaweza kuyaandaa tangu jana yake na yakaamka bado yamejaa. Yale ya heliamu, yanayopanda hadi kwenye dari na kuacha nyuzi zikining'inia, huyasubirisha mpaka siku yenyewe. Puto la kawaida la mpira lenye upana wa sentimita 28 hivi, likijazwa heliamu, huelea kwa saa 12 hadi 24 tu. Kesho yake liko sakafuni, limelegea, huku mwenzake wa hewa akiwa bado amekaza ukutani. Mpira ni uleule, umetoka kwenye pakiti ileile, na fundo limefungwa na mkono uleule. Kilichotofautiana ni gesi iliyomo.

Shuleni jibu hutolewa kwa sentensi moja: heliamu ni nyepesi, kwa hiyo hutoroka haraka. Sentensi hiyo ina ukweli, na ukweli wenyewe unaweza kupigiwa hesabu. Lakini imeacha mambo mawili makubwa nje, na moja kati ya hayo mtu yeyote anaweza kulishuhudia nyumbani kwa chupa ya siki.

Hesabu kwanza. Gesi yoyote ni kundi la molekuli zinazokwenda mbio kila upande, zikigongana zenyewe kwa zenyewe na kugonga kuta za chombo. Katika joto lilelile, molekuli za gesi zote huwa na wastani uleule wa nishati ya mwendo, ziwe nzito au nyepesi. Sasa, ili chembe nyepesi iwe na nishati sawa na chembe nzito, lazima ikimbie zaidi. Katika chumba chenye nyuzi joto 25 za Selsiasi, atomi ya heliamu huenda kwa wastani wa mita 1,250 hivi kwa sekunde. Molekuli ya naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, huenda kwa mita 475 hivi. Hata hiyo ya pili inaishinda sauti.

Ikiwa ukuta wa chombo una tundu dogo mno, dogo kiasi kwamba molekuli hupita mojamoja bila kusukumana, basi kupita ni suala la bahati: molekuli iliyokuwa ikielekea kwenye ukuta imeangukia penye uwazi. Upitaji wa namna hiyo wanakemia huuita efusheni. Anayefika ukutani mara nyingi zaidi ndiye anayepata nafasi nyingi zaidi za kutoka, na anayefika mara nyingi zaidi ni mwenye mbio. Kwa hiyo kasi ya gesi kutoka hufuata mwendo wa molekuli zake, na mwendo huo hufuata masi ya moli, yaani uzito wa fungu moja maalumu la molekuli za gesi hiyo ukipimwa kwa gramu.

Uhusiano wenyewe haulingani moja kwa moja. Gesi iliyo nzito mara nne haitoki polepole mara nne, bali mara mbili. Kinachotawala ni kipeuo cha pili:

kasi ya gesi A ÷ kasi ya gesi B = √(masi ya moli ya B ÷ masi ya moli ya A)

Heliamu ina gramu 4 kwa moli. Hewa ni mchanganyiko, lakini wastani wake ni karibu gramu 29. Ishirini na tisa kugawanya kwa nne ni 7.25, na kipeuo chake cha pili ni karibu 2.7. Tundu lilelile likipewa gesi hizi mbili kwa kanieneo ileile, heliamu itapita mara 2.7 kwa kila mara moja ya hewa. Hesabu imeisha, na wanafunzi wengi huachiwa hapo.

Aliyeligundua jambo hili kwa vipimo ni Thomas Graham, Mskoti aliyezaliwa Glasgow mwaka 1805, ambaye baadaye alipewa usimamizi wa kiwanda cha sarafu cha Uingereza, cheo kilichowahi kushikwa na Isaac Newton. Alianzia kwenye ajabu iliyoripotiwa na mkemia wa Ujerumani, Johann Döbereiner. Döbereiner alikuwa na chombo cha kioo kilichofunikwa juu ya maji kikiwa na hidrojeni, na kioo kilikuwa na ufa mwembamba. Badala ya gesi kukaa, maji yalianza kupanda ndani ya chombo, kana kwamba kuna mtu anayafyonza.

Graham aliona kwamba ufa ulikuwa mlango wa pande mbili. Hidrojeni ilitoka na hewa ikaingia, ila hidrojeni ilitoka haraka kuliko hewa ilivyoingia, na maji yakapanda kujaza pengo. Ufa hauna kipimo cha kuaminika, kwa hiyo alichukua mrija wa kioo, akauziba upande mmoja kwa kizibo cha plasta ya jasi iliyokauka, ambayo ina vijitundu tele visivyoonekana kwa macho, akaujaza hidrojeni na kuusimamisha juu ya maji. Kisha akapima ni kiasi gani cha hewa kimeingia kwa kila kiasi cha hidrojeni kilichotoka. Katika taarifa aliyoichapisha mwaka 1833, alipata kwamba kwa kila ujazo mmoja wa hewa ulioingia, ujazo 3.83 wa hidrojeni ulikuwa umetoka. Kanuni ya kipeuo cha pili inatoa 3.79. Kwa mtu aliyetumia plasta, maji na mrija, ni kazi safi sana. Mwaka 1846 alirudia kwa kupitisha gesi mbalimbali kwenye tundu la bamba jembamba la metali, na mpangilio ukajitokeza tena.

Sasa turudi ukumbini na namba yetu ya 2.7. Kama ingekuwa ndiyo hadithi nzima, puto la heliamu likilegea kwa siku moja, la hewa lingelegea kwa siku tatu hivi. Sivyo inavyokuwa. Puto la hewa lililofungwa vizuri huweza kukaa wiki moja, hata mbili, kabla ya mtu kusema limepungua. Tofauti ni kubwa mno kuliko ile ya kanuni.

Jambo la kwanza lililoachwa nje ni hewa iliyopo nje ya puto. Molekuli hazijui kwamba zinatakiwa kutoka. Zinapita kwenye ukuta kutoka pande zote mbili, na kinachoonekana kwetu ni tofauti kati ya zinazotoka na zinazoingia. Ndani ya puto la hewa kuna hewa, na nje kuna hewa. Mpira uliotanuka huibana ile ya ndani kidogo tu. Kanieneo yake huwa juu ya ile ya nje kwa asilimia 2 au 3 hivi. Kwa hiyo kwa kila molekuli 103 zinazotoka, 100 zinaingia. Puto linapungua kwa zile 3 tu.

Heliamu haina bahati hiyo. Katika hewa ya kawaida, heliamu ni sehemu kama 5 tu katika kila milioni. Zinazotoka hazirudi. Tufanye hesabu, tukijifanya kwa sasa kwamba mpira ni ukuta wa vijitundu kama plasta ya Graham. Tuseme hewa, ikisukumwa na kanieneo kamili ya angahewa, hupita kwa kiasi cha 1. Heliamu ndani ya puto, kwa kanieneo ya 1.03, itatoka kwa 2.7 mara 1.03, yaani 2.78. Wakati huohuo hewa ya nje, ambayo haikuwemo ndani, inaingia kwa 1. Puto linapungua kwa 1.78. Kwa upande wa puto la hewa, inatoka 1.03 na kuingia 1, kwa hiyo linapungua kwa 0.03. Gawanya 1.78 kwa 0.03 na utapata karibu 60. Mwanzoni kabisa, basi, puto la heliamu husinyaa haraka mara 60 hivi kuliko la hewa, na katika hizo 60 wepesi wa heliamu ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa inatokana na hewa kuwa imezungukwa na hewa.

Hesabu hiyo inafichua kitu kingine ambacho macho hayakioni. Puto la heliamu halipotezi gesi tu, linaokota hewa. Ndiyo maana hushuka sakafuni likiwa bado na umbo la puto. Lita moja ya heliamu hubeba gramu moja tu hivi, na mpira wa puto la sentimita 28 wenyewe una uzito wa gramu 3 hivi, bila kutaja uzi na utepe. Heliamu ikipungua na hewa ikichukua nafasi yake, uwezo wa kubeba huisha kabla ya puto kwisha.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulikubali, kwa sababu linagusa ile tamko la "tukijifanya". Mpira wa puto si chujio la matundu. Ungekuwa na vijitundu kama plasta, puto la hewa lisingekaa wiki. Ni wavu uliofumwa na minyororo mirefu ya molekuli, imebanana na kucheza-cheza muda wote. Gesi huvuka kwa hatua tatu: inayeyuka kwenye uso wa ndani wa mpira, inajipenyeza katikati ya minyororo, kisha inatoka upande wa pili. Ni kama mtu anayetaka kuvuka soko siku ya gulio: mwembamba atajipenyeza upesi, lakini kwanza lazima awe amekubaliwa kuingia getini. Wembamba wa heliamu unaisaidia kujipenyeza. Katika kuyeyuka ni dhaifu sana. Mambo haya mawili yakijumlishwa, kwenye mpira wa asili heliamu huishinda naitrojeni kwa zaidi kidogo ya mara 3, wakati kanuni ya Graham inatabiri 2.65. Namba hizo zimekaribiana kiasi cha kumfanya mwalimu adhani puto limethibitisha kanuni. Zimekaribiana kwa nasibu.

Gesi inayoufumbua udanganyifu huo ni kabonidayoksaidi. Masi yake ya moli ni gramu 44, nzito kuliko hewa, na nzito mara kumi na moja kuliko heliamu. Kwa kanuni ya Graham, ingepita polepole mara 3.3 kuliko heliamu, na puto lake lingekaa kuliko yote. Kinyume chake, ndilo linalosinyaa upesi kuliko yote. Kabonidayoksaidi huyeyuka vizuri ndani ya mpira, kwa hiyo hupenya mara nne au tano kuliko heliamu.

Graham mwenyewe alilijua hili. Maputo ya mpira yalikuwepo tangu mwaka 1824, Michael Faraday alipobandika vipande viwili vya mpira kingo kwa kingo huko London ili ahifadhie hidrojeni. Miaka michache baadaye daktari wa Philadelphia, John Kearsley Mitchell, alijaza maputo gesi mbalimbali na kuona kwamba hayasinyai kwa kasi moja. Mwaka 1866 Graham aliupima mpira wenyewe. Akiiweka naitrojeni kuwa 1, alipata oksijeni 2.56, hidrojeni 5.5 na kabonidayoksaidi karibu 13.6. Ukitazama orodha hiyo utaona haifuati uzito hata kidogo. Oksijeni ni nzito kuliko naitrojeni, na bado inaipita mara mbili na nusu. Mtu aliyeipa kemia kanuni ya uzito ndiye aliyeonyesha kwa namba ukuta ambao kanuni hiyo haiwezi kuuvuka.

Anayetaka kuliona kwa macho yake hahitaji mtungi wa heliamu. Ahitaji maputo mawili ya pakiti moja, pampu ya mkono, futikamba ya fundi cherehani, siki na bikaboneti ya soda, ile ya kuokea, hamira haifai. Siki mililita 150 humiminwa katika chupa ya nusu lita. Vijiko viwili vidogo vya bikaboneti, gramu 10 hivi, hutiwa ndani ya puto lililokwisha kulainishwa kwa kuvutwavutwa. Mdomo wa puto huvishwa kwenye mdomo wa chupa, kisha puto huinuliwa unga uanguke kwenye siki. Litajaa lita 2 na ushei za kabonidayoksaidi, kidogo ikibaki imeyeyuka kwenye maji ya siki. Lifungwe kwa fundo, kisha la pili lijazwe kwa pampu mpaka mzunguko wa yote mawili, ukipimwa kwa futikamba, uwe sawa. Kwa kiasi hiki, ni kama sentimita 50.

Pampu ina sababu yake. Pumzi ya mtu ina unyevunyevu na karibu asilimia 4 ya kabonidayoksaidi, na itaharibu ulinganisho. Maputo yakae mahali pamoja, mbali na jua, kwa kuwa joto hulitanua puto na kumhadaa mpimaji. Mzunguko upimwe kila baada ya saa mbili, penye upana uleule kila mara. Alama ya kalamu ya wino husaidia.

Hapo kuna mtego wa kusoma futikamba. Mzunguko ukishuka kutoka sentimita 50 hadi 40, mtu ataona puto limepungua kwa moja ya tano. Lakini ujazo hufuata mzunguko uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe: 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni 0.51. Nusu ya gesi imeshaondoka. Jioni ya siku hiyohiyo puto la kabonidayoksaidi litakuwa limepungua waziwazi, na la hewa litakuwa pale lilipokuwa. Ikiwa la hewa nalo limepungua, fundo linavuja na jaribio lirudiwe. Kuvuja fundoni hutambulika kwa kupaka povu la sabuni na kutazama mapovu, jambo ambalo kupenya kwa kawaida kwenye mpira hakuonyeshi.

Maputo ya foili, yale yanayong'aa yenye umbo la moyo au tarakimu, yanathibitisha hoja hiyohiyo kwa njia nyingine. Heliamu iliyomo ni ileile, ina mbio zilezile, lakini plastiki iliyopakwa tabaka jembamba la metali huipa njia finyu mno, na puto huelea wiki nzima au zaidi. Kama wepesi ungekuwa ndio mwamuzi, puto hilo nalo lingeanguka kesho yake.

Je, kanuni ya Graham inafanya kazi wapi peke yake, bila kuchanganywa na mambo ya mpira? Mfano mkubwa kuliko yote uliowahi kujengwa ulitegemea madini kutoka nchi ya wasemaji wa Kiswahili wa Katanga. Mgodi wa Shinkolobwe, katika Kongo ya Kibelgiji ya wakati huo, ulitoa urani yenye utajiri usio na mfano, na zaidi ya tani 1,000 za mawe yake zilikuwa zimehifadhiwa New York Wamarekani walipoanza kutengeneza bomu la atomi. Tatizo lao lilikuwa kwamba katika urani ya asili, aina inayofaa, urani 235, ni asilimia 0.7 tu. Iliyobaki karibu yote ni urani 238, na kikemia hizo mbili ni pacha zisizotofautishika. Zinatofautiana kwa uzito pekee.

Huko Oak Ridge, Tennessee, likajengwa jengo la K-25, lenye umbo la herufi U na kila mkono ukiwa na urefu wa karibu mita 800. Urani iliunganishwa na florini kuwa gesi, heksafloridi ya urani, ikasukumwa kwenye kuta za metali zenye vijitundu vidogo mno. Florini ilifaa kwa sababu atomi zake za asili zote zina uzito mmoja, kwa hiyo haikuongeza tofauti nyingine. Molekuli yenye urani 235 ina masi ya 349, yenye urani 238 ina 352. Hesabu ni ileile ya puto: 352 kugawanya kwa 349, kisha kipeuo cha pili. Jibu ni 1.0043.

Heliamu iliishinda hewa kwa mara 2.7, hapa mshindi anazidi kwa chini ya nusu ya asilimia moja. Kupita ukuta mmoja hakubadilishi kitu kinachoonekana. Ikabidi gesi ipitishwe kwenye ukuta mmoja baada ya mwingine, na kila mara ile iliyotangulia ipelekwe mbele na iliyochelewa irudishwe nyuma. Kufikisha urani ya asili kwenye asilimia 90 kwa uwiano wa 1.0043 kunahitaji hatua zisizopungua 1,600 hata kila ukuta ukifanya kazi bila dosari, na kuta halisi zina dosari. Kila hatua ilidai pampu zake na umeme wake. Njia hiyo iliendelea kutumika Marekani kwa takriban miaka 70, hadi kiwanda cha mwisho cha aina hiyo, cha Paducah, Kentucky, kiliposimamisha urutubishaji mwaka 2013. Siku hizi urani hutenganishwa kwa mashinepewa zinazozunguka kwa kasi kubwa, ambazo hutumia sehemu ndogo tu ya umeme uliokuwa ukiliwa na zile kuta.